Mikanda Minne ya Jani la Mchicha

Mvua ya masika inaweza kulinyeshea jani la mchicha usiku na mchana, na maji yanayodondoka kwenye ncha yake yakabaki maangavu. Rangi ya kijani haioshwi. Lakini litie jani hilo hilo kwenye mafuta ya moto, nawe utaona mafuta yakianza kushika ukijani kabla hata kitunguu hakijaiva. Kila mpishi ameliona jambo hili na kulipita. Mikhail Tsvet hakulipita.

Tsvet alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti, Italia, baba Mrusi na mama Mwitaliano, akakulia Uswisi, kisha akafanya kazi Warsaw, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Alikuwa mtaalamu wa mimea, wala si mkemia, na hilo lilikuja kumgharimu. Kilichomsumbua kilikuwa hiki: ukilisaga jani na kulimwagia etha ya petroli, kimiminika chepesi kinachotokana na mafuta ghafi, hupata rangi ya manjano tu, na kijani kidogo mno. Ukiongeza matone ya alkoholi, kijani chote kinamiminika. Mtu angesema basi klorofili haiyeyuki katika etha ya petroli. Lakini sivyo. Ukishaitoa kwa alkoholi na kuihamishia kwenye etha ya petroli, inayeyuka vizuri kabisa. Kwa hiyo tatizo halikuwa kuyeyuka. Kuna kitu ndani ya jani kilichokuwa kimeishika klorofili kisitake kuiachia, ilhali rangi ya manjano kiliiachia bila ubishi.

Ili kulithibitisha hilo, Tsvet alichukua karatasi ya kuchujia, akailowesha kwa rangi zilizotolewa kwenye jani, akaikausha, kisha akaimwagia etha ya petroli. Karatasi ikafanya yale yale yaliyofanywa na jani: manjano ikatoka, kijani ikabaki mpaka ilipotiwa alkoholi. Karatasi haina uhai wala haina siri za jani, ila ina uwezo wa kushika. Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa fupi. Kama kila rangi hushikwa kwa nguvu yake, basi zikisafirishwa pamoja juu ya kitu kinachoshika, zitaachana njiani. Mwaka 1903 alieleza wazo hilo mbele ya chama cha wanasayansi wa viumbe mjini Warsaw, na mwaka 1906 akalichapisha katika jarida la Kijerumani la mimea akiipa njia hiyo jina la kromatografia. Yeye mwenyewe alitumia mrija wa kioo uliojazwa unga wa chokaa. Karatasi ilirudi jukwaani baadaye sana, mwaka 1944, kupitia kazi ya Consden, Gordon na Martin kule Leeds, Uingereza. Wao walikuwa wakitenganisha viini vya protini, lakini mbinu yao ndiyo iliyoingia katika maabara za shule za sekondari duniani kote, na ndiyo tutakayoitumia hapa.

Chagua mchicha wa kijani kibichi, uliokomaa lakini haujazeeka. Majani mawili au matatu yanatosha. Ondoa mshipa wa katikati, kisha yapanguse kwa kitambaa kikavu mpaka yasiwe na umande wala maji ya kuoshea, kwa sababu maji ndiyo adui wa kwanza wa jaribio hili. Yakatekate, yatie kwenye kinu kidogo cha maabara pamoja na mchanga safi mkavu ili yasagike, ongeza asetoni mililita 4 au 5, ponda kwa mchi. Tia pia ncha ya kijiko ya kalisi kaboneti. Kazi yake ni kuizima asidi. Seli za jani huhifadhi asidi mbali na klorofili, na ukizipasua kwa mchi vyote viwili vinakutana. Usitegemee chaki ya ubaoni, maana mara nyingi ni jasi, nayo haizimi asidi. Baada ya dakika chache utapata kimiminika kizito cha kijani kinachokaribia weusi. Kama kimetoka kijani chepesi cha chai ya mchaichai, umetia asetoni nyingi mno au umeponda kwa uvivu, na hutaona kitu kwenye karatasi.

Kata utepe wa karatasi ya kuchujia, upana sentimita 2 na urefu sentimita 15 hivi, ukiushika kwenye kingo tu, kwani mafuta ya vidole huacha alama. Piga mstari wa penseli sentimita 2 kutoka chini. Lazima uwe wa penseli: kaboni ya penseli haiyeyuki, lakini wino wa kalamu nao ni mchanganyiko wa rangi, utapanda na kukuletea mikanda isiyotoka kwenye jani. Sasa chukua kineli chembamba cha kioo au kijiti cha meno, chovya kwenye rangi, gusa katikati ya mstari. Subiri pakauke. Gusa tena pale pale. Subiri tena. Fanya hivyo mara kumi au zaidi, ukihakikisha doa linazidi kukolea bila kupanuka kupita milimita 3. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu. Wanachoka kusubiri, wanadondosha tone moja kubwa ili wamalize, na matokeo yake ni doa pana lenye rangi hafifu ambalo baadaye litapanda kama bango moja lisilo na mipaka.

Kiyeyushi kinachopanda kwenye karatasi ni etha ya petroli sehemu 9 na asetoni sehemu 1. Mimina kiasi cha kina cha sentimita 1 katika neli kubwa ya jaribio au chupa ya kioo yenye kifuniko, uifunike na uiache dakika kumi ili hewa ya ndani ijae mvuke wake. Usipofanya hivyo, kiyeyushi kitakuwa kinakauka kutoka kwenye karatasi huku kikipanda, na mikanda itapinda. Kisha ning'iniza utepe kwenye kizibo kwa pini, ncha ya chini iguse kiyeyushi lakini doa libaki juu ya usawa wake. Doa likizama, rangi inayeyukia chini kwenye chupa na kazi imekwisha. Utepe usiguse ukuta wa neli, na neli isisogezwe. Viyeyushi vyote viwili hushika moto upesi sana, kwa hiyo pasiwe na jiko, mshumaa wala kiberiti karibu, na madirisha yawe wazi. Petroli ya gari si mbadala: ina rangi ya kuongezwa na ina benzini, ambayo husababisha saratani.

Katika dakika ya kwanza doa huanza kuvutika. Manjano inachomoka na kukimbilia juu, kijani kinafuata polepole. Baada ya robo saa hivi, ukingo wa kiyeyushi ukiwa umebakiza sentimita moja kufika juu, toa utepe na uweke alama ya penseli pale ukingo ulipofika, papo hapo, kwa kuwa utakauka na kutoweka kabla hujakaa chini. Zungushia kila mkanda kwa penseli pia. Rangi hizi zikiwa nje ya jani haziishi muda mrefu. Karotini hasa hupauka kwa hewa na mwanga ndani ya saa chache, na utepe uliobandikwa ukutani kama kumbukumbu utakuwa mweupe baada ya siku kadhaa.

Kutoka juu kwenda chini unaona mkanda mwembamba wa manjano inayoelekea chungwa, karibu kabisa na ukingo wa kiyeyushi. Hiyo ni karotini. Chini yake, baada ya nafasi kubwa, kuna manjano safi: zanthofili, ambazo ni familia yenye watu kadhaa, mkubwa wao akiwa luteini. Kisha inakuja klorofili a, kijani chenye ubuluu, na mwisho klorofili b, kijani chenye umanjano. Wakati mwingine kati ya karotini na zanthofili hujitokeza mkanda wa kijivu ambao haukualikwa. Tutaurudia.

Ili kulinganisha utepe wako na wa mtu mwingine, huhesabu sentimita tupu, kwa sababu yeye aliacha kiyeyushi kipande zaidi. Unagawanya umbali uliopandwa na rangi kwa umbali uliopandwa na kiyeyushi, vyote vikipimwa kutoka mstari wa penseli. Uwiano huo huandikwa Rf. Tuchukue utepe ambao kiyeyushi kilipanda milimita 90. Katikati ya mkanda wa karotini iko milimita 86, ya zanthofili 64, ya klorofili a 57 na ya klorofili b 41. Hesabu inatoa 0.96, 0.71, 0.63 na 0.46. Namba za namna hii ndizo utakazozipata mara nyingi kwa kiyeyushi hiki, lakini usizishike kama amri. Joto la chumba likibadilika, au karatasi ikiwa na unyevu wa pwani, au asetoni ikizidi kidogo, zote zinasogea. Kisichobadilika kirahisi ni mfuatano. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba mkanda fulani ni luteini, weka luteini inayojulikana kando ya doa lako kwenye karatasi moja na uzipandishe pamoja. Rf peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa vitu viwili tofauti vinaweza kupanda sawasawa.

Kwa nini mfuatano ni huo? Karatasi ni selulosi, na selulosi imejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyopenda maji. Hata karatasi unayoiona kavu imebeba unyevu uliong'ang'ania nyuzi zake. Etha ya petroli kwa upande wake ni ndugu wa mafuta na haitaki maji kabisa. Rangi iliyodondoshwa hapo inavutwa na pande mbili: nyuzi zenye unyevu zinataka kuishikilia, kiyeyushi kinachopita kinataka kuichukua. Molekuli moja hushikwa, ikaachiwa, ikasafiri kidogo, ikashikwa tena, maelfu ya mara. Ni kama watu wawili wanaotoka stendi pamoja kwa mwendo ule ule, mmoja mgeni mjini, mwingine ana jamaa kila kibaraza. Huyu wa pili atachelewa, si kwa sababu miguu yake ni mizito, bali kwa sababu anasimama kusalimia.

Karotini ndiyo mgeni. Fomula yake ni C40H56, yaani kaboni na haidrojeni tupu, bila hata oksijeni moja ya kushikana na selulosi. Ndiyo maana inakwenda na ukingo wa kiyeyushi. Luteini ni mnyororo ule ule wa kaboni 40 ulioongezwa oksijeni mbili, moja kila mwisho: C40H56O2. Oksijeni hizo mbili tu zinairudisha nyuma robo nzima ya safari. Klorofili ni kubwa zaidi na ina sehemu mbili zisizofanana. Kichwa chake ni duara lenye nitrojeni nne zilizoishika atomi moja ya magnesiamu katikati, na hicho hupenda unyevu wa karatasi. Mkia wake ni mnyororo mrefu wa kaboni 20 unaopenda mafuta. Mkia ndio unaoizuia isioshwe na mvua, na ndio unaoiwezesha kupanda na etha ya petroli hata kidogo.

Sasa tazama klorofili mbili. Klorofili a ni C55H72MgN4O5, na klorofili b ni C55H70MgN4O6. Katika molekuli yenye atomi zaidi ya 130, tofauti iko mahali pamoja tu: pale a ilipo na kikundi cha kaboni moja na haidrojeni tatu, b ina kaboni moja, haidrojeni moja na oksijeni moja. Hiyo ndiyo tofauti yote. Lakini oksijeni ile imeongeza mshiko wa karatasi kiasi cha kuziachanisha milimita 16 kwenye utepe wetu. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika jaribio hili: kipande cha karatasi cha bei ya chini, bila umeme wala darubini, kinaweza kukuonyesha kwa macho badiliko la atomi chache ndani ya molekuli usiyoweza kuiona.

Wakati wa Tsvet jambo hili lilikuwa na ubishi. Alisisitiza kwamba jani lina klorofili mbili, lakini wakemia wakubwa waliamini kitu kikiisha kuonekana kwa gramu ndani ya chupa, safi na kikavu, si kikiwa mstari wa rangi kwenye chaki ya mtaalamu wa mimea. Walihofu pia kwamba unga wenyewe unaziharibu rangi. Richard Willstätter, Mjerumani aliyezisafisha kwa njia za kikemia za kawaida, alikuja kuthibitisha kwamba ni mbili kweli, na mwaka 1915 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi yake juu ya rangi za mimea. Tsvet alifariki Voronezh mwaka 1919, njia yake ikiwa karibu imesahauliwa. Ilifufuliwa mwaka 1931 huko Heidelberg, na rangi iliyotumika kuifufua ilikuwa karotini.

Oksijeni ile moja haikubadilisha mwendo wa klorofili b peke yake. Imebadilisha pia mwanga inaoula. Klorofili zote mbili hunyonya mwanga wa buluu na mwekundu na kuacha kijani kipite, ndiyo maana tunakiona. Lakini zikiwa zimeyeyushwa katika etha, a hunyonya buluu zaidi karibu na nanomita 430, ilhali b hunyonya karibu na 453, ndani zaidi ya buluu. Anayekula buluu zaidi huacha umanjano zaidi, na ndiyo sababu mkanda wa chini una rangi ya jani changa la mgomba na ule wa juu yake una rangi ya jani la mwembe. Kwa mmea, tofauti hiyo ni riziki. Mwanga ambao a ingeuacha upite, b inaunasa na kumpasia a, maana ni a pekee iliyokaa katikati ya mashine inayoanzisha usanisinuru. Katika jani lililokulia juani kuna kiasi cha klorofili a tatu kwa b moja. Katika jani la kivulini, kama lile la mmea ulio chini ya minazi na miembe, fungu la b huongezeka, kwa sababu huko mwanga ni haba na mmea unahitaji wavuvi wengi zaidi wa mwanga. Usitarajie kuupima uwiano huo kwa jicho. Upana wa mkanda unategemea ulivyodondosha kama unavyotegemea wingi wa rangi. Anayetaka kiasi hukata kila mkanda, huuyeyusha peke yake katika asetoni, na hupima mwanga unaonyonywa kwa spektrofotomita.

Ukiwa na kitochi cha kukagulia noti, kile cha mwanga wa urujuani usioonekana, kimulike kile kimiminika cha kijani kilichobaki kwenye kinu, ukiwa gizani. Kitang'aa chekundu cha damu. Mwanga ulionaswa na klorofili hauna pa kwenda tena, kwa kuwa mashine ya jani imepondwa, basi sehemu yake unatoka ukiwa mwekundu. Mulika utepe nao kabla haujakauka kabisa: mikanda miwili ya kijani inatoa wekundu hafifu, ya manjano haitoi kitu. Karotini na zanthofili, ambazo kwa pamoja huitwa karotenoidi, hupokea nishati na kuitoa kama joto, upesi kupita kiasi, bila kung'aa.

Ukimya huo wa karotenoidi ndio kazi yao ya pili, na pengine ya kwanza. Zinasaidia kunasa mwanga wa buluu na kuipasia klorofili, ni kweli. Lakini jua la saa saba mchana huleta nishati nyingi kuliko jani linavyoweza kutumia, na klorofili iliyoshiba kupita kiasi huirusha nishati hiyo kwenye oksijeni iliyo karibu. Oksijeni iliyochokozwa hivyo huunguza kila kinachoigusa, pamoja na klorofili yenyewe. Karotenoidi zimekaa bega kwa bega na klorofili ili ziipokee nishati hiyo na kuipoozesha. Watafiti wa mahindi wanazijua aina zenye hitilafu ya kurithi zisizoweza kutengeneza karotenoidi. Mche wake huota mweupe na kufa unga wa punje ukiisha. Mtu angedhani umekosa klorofili. Lakini ukiuotesha kwenye mwanga hafifu sana, unaanza kuwa kijani: klorofili unaweza kuitengeneza, ila kwenye mwanga mkali inaungua kwa kukosa mlinzi. Mikanda miwili ya manjano kwenye utepe wako ni ya walinzi hao, na ilikuwemo ndani ya jani muda wote, imefunikwa na kijani.

Mpapai unalithibitisha hilo bila gharama. Chuma jani lililozeeka na kugeuka manjano, fanya jaribio lile lile, na utakuta mikanda ya kijani imekwisha huku ya manjano ikibaki. Mmea haukutengeneza manjano mpya. Umeibomoa klorofili ili uweze kuzivunja protini zilizoishikilia na kuhamishia nitrojeni yake kwenye majani machanga. Nitrojeni nne zilizo ndani ya klorofili yenyewe haziokolewi. Mabaki yake yasiyo na rangi huachwa katika jani na kuanguka nalo. Utaona pia kwamba sehemu ya zanthofili imepanda juu kuliko kawaida, karibu na karotini. Katika jani linalozeeka nyingi huunganishwa na asidi za mafuta, na oksijeni zake zikifungwa hivyo, karatasi haina tena pa kuzishika.

Mchicha mwekundu una somo lake. Wekundu wake ni betalaini, rangi inayoyeyuka katika maji, na kwenye kiyeyushi chetu haitoki pale ilipodondoshwa. Doa jekundu linabaki kwenye mstari wa penseli, na juu yake inapanda mikanda minne ya kawaida, pamoja na klorofili zote mbili. Chini ya wekundu jani ni la kijani kama mengine. Ukiutumbukiza utepe wa pili katika maji, mambo yanageuka: nyekundu inapanda na mikanda mingine haisogei.

Sasa ule mkanda wa kijivu. Ni feofitini, yaani klorofili iliyopoteza magnesiamu. Asidi huing'oa magnesiamu na kuweka haidrojeni mbili mahali pake, na rangi inageuka kutoka kijani kuwa kijivu chenye uzeituni. Mahali pake kwenye utepe, juu ya zanthofili, panaonyesha kwamba magnesiamu ndiyo iliyokuwa ikiivuta klorofili kwenye unyevu wa karatasi. Ikitoka, molekuli inakwenda haraka zaidi ingawa oksijeni zake zote tano zipo. Ukiuona mkanda huo katika mchicha mbichi, ujue hukutia kaboneti au umeacha majani yaliyopondwa yakae muda mrefu.

Ukiuona katika mchicha uliopikwa, hakuna kosa lolote la maabara. Pandisha tepe mbili, moja ya jani bichi na moja ya jani lililochemshwa nusu saa katika sufuria iliyofunikwa, kisha likakamuliwa maji na kukaushwa vizuri. Katika utepe wa pili kijani kimepungua na kijivu kimejaa, kwa sababu joto limezipasua seli na asidi za jani zimefungiwa ndani pamoja na mvuke. Magadi yanazuia hilo kwa kuizima asidi, na ndiyo maana mboga ya magadi hubaki kijani cha kuvutia. Ila chungulia maji yake: nayo ni ya kijani. Magadi yamekata ule mkia wa kaboni 20, na klorofili isiyo na mkia huyeyuka katika maji. Ipandishe kwenye karatasi na itakaa chini pamoja na betalaini, haipandi.

Katika tepe zote hizo tazama mkanda wa juu kabisa. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inaonekana kwenye bichi, kwenye kijivu na kwenye magadi. Kwa hiyo ukijani wa mboga ya magadi hauna faida yoyote kwa mlaji, na magadi hayo hayo huharibu vitamini C na vitamini B1, ambazo karatasi yetu haiwezi kuzionyesha. Anayetaka mchicha wa kijani bila hasara hiyo apike kwa dakika chache, sufuria ikiwa wazi ili asidi zitoke na mvuke, kisha atie tui la nazi au mafuta kidogo, maana karotini isipopata mafuta tumboni nyingi hupita bila kusharabiwa.